Delta 0.30: senti thelathini au asilimia thelathini?

*Mwalimu, nina opsheni ya kununua hisa ambayo sasa inauzwa dola 100. Bei ya utekelezaji ni 105, zimebaki siku 30, na programu ya broka inaonyesha delta 0.30. Mtu mmoja kaniambia maana yake hisa ikipanda dola 1, opsheni inapanda senti 30. Mwingine kasema ni uwezekano wa asilimia 30 kwamba opsheni itaisha ikiwa na thamani. Nani mkweli? Halafu naitazama opsheni ya kampuni nyingine: hisa yake pia ni 100, utekelezaji 105, ila ni ya miaka miwili na delta yake ni 0.64. Je, hiyo ina nafasi mara mbili ya yangu?*

Ndugu yangu, aliyekwambia habari ya senti 30 amekupa maana yenyewe ya delta. Aliyekwambia asilimia 30 amekupa makadirio ambayo kwa opsheni yako yanakaribia ukweli, lakini kwa ile ya miaka miwili yanapotea njia kabisa. Nafasi ya hiyo ya pili kuisha ikiwa na thamani ni kama asilimia 31, si 64. Yako ni kama asilimia 27. Kwa hiyo zinakaribiana mno, ingawa delta moja ni zaidi ya mara mbili ya nyingine. Inafaa kuona kwa nini, maana ukishaona hutahitaji kukariri lolote.

Kwanza niseme hesabu zangu zimesimama wapi. Delta zako nimezirudisha kinyume ili kupata mtikisiko wa bei ambao soko limeutia ndani ya opsheni hizo. Hisa ya kwanza inatoka kama asilimia 30 kwa mwaka, ya pili kama asilimia 60. Nimechukulia riba kuwa sifuri na kwamba hakuna gawio. Ukiviweka vitu hivyo namba zitasogea kidogo, lakini hoja itabaki palepale.

Tuanze na hisa ya kubuni yenye miisho miwili tu. Leo ni 100. Siku ya mwisho itakuwa 120 au 90, hakuna la tatu. Mimi nakuuzia opsheni ya kununua kwa 110. Hisa ikifika 120 nitakulipa 10, ikishuka hadi 90 sikulipi kitu. Sitaki kucheza bahati nasibu, kwa hiyo natafuta hisa kiasi gani nishike ili deni langu kwako lijilipe lenyewe. Pengo la malipo ni 10, pengo la bei ya hisa ni 30, basi nashika theluthi moja ya hisa. Theluthi hiyo itakuwa na thamani ya 40 au 30. Nikiwa nimekopa 30 kuinunua, baada ya kurudisha mkopo nabaki na 10 au sifuri, yaani hasa kile ninachodaiwa. Theluthi hiyo ndiyo delta. Gharama yangu ni 33.33 kutoa 30, yaani 3.33, na hiyo ndiyo bei ya haki ya opsheni.

Angalia kitu ambacho hakikutajwa hata mara moja: uwezekano. Wewe waweza kuamini uwezekano wa hisa kupanda ni asilimia 60, mimi nikaamini ni asilimia 20, na bado sote tutakubaliana juu ya theluthi hiyo. Delta ni kipimo cha kukinga, kiasi cha hisa kinachofuata mwendo wa opsheni. Kazi yake ilikuwa hiyo tangu Fischer Black na Myron Scholes walipochapisha kanuni yao mwaka 1973, mwaka uleule ambao soko la opsheni la Chicago lilifunguliwa.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: bei ya utekelezaji iwe 100 badala ya 110. Malipo yanakuwa 20 au sifuri, na delta inakuwa 20 kwa 30, yaani theluthi mbili. Lakini opsheni zote mbili zinaisha na thamani katika tukio lilelile moja, hisa kufika 120. Nafasi haikubadilika hata chembe, delta imekuwa maradufu. Ukiniuliza nafasi ambayo bei ya 100 yenyewe inaibeba, nitakujibu ni theluthi moja, kwa sababu theluthi ya 120 pamoja na theluthi mbili za 90 ndizo zinazotoa 100. Katika opsheni ya kwanza delta na nafasi zililingana kwa sadfa tu.

Kama ni vitu viwili tofauti, mbona kwenye skrini huwa vinatembea pamoja? Hapa ndipo penye utamu wa jambo.

Rudi kwenye opsheni yako. Fikiria miisho yote ambayo hisa inaweza kufika baada ya siku 30, maelfu ya miisho, kila mmoja na uzito wake. Kwa mtikisiko wa asilimia 30, miisho iliyo juu ya 105 ina uzito wa asilimia 27.1. Hiyo ndiyo nafasi unayoitafuta. Ukichukua hiyo miisho ya juu peke yake na kutafuta wastani wa bei ya hisa ndani yake, unapata kama 110.78. Kwa maneno mengine, mara 27 katika 100 unafanikiwa, na ukifanikiwa, kwa wastani unapokea hisa ya 110.78 na kulipa 105. Faida ya 5.78 mara nafasi ya 0.271 inakupa kama 1.57, na hiyo ndiyo bei ya opsheni.

Sasa isogeze hisa kutoka 100 hadi 101. Hilo ni ongezeko la asilimia 1, na kila mwisho unapanda kwa asilimia 1 ya ulipokuwa. Mwisho uliokuwa 90 unakuwa 90.90, lakini wewe haukuhusu, maana opsheni imekufa hapo. Miisho ya ushindi, ambayo wastani wake ni 110.78, inapanda kwa wastani wa 1.1078, na ongezeko hilo lote ni lako kwa kuwa bei unayolipa haibadiliki. Ipo pia miisho michache iliyokuwa chini kidogo ya 105 na sasa imevuka mpaka, lakini hiyo inakuletea senti chache tu mpakani, na uchache wake mara udogo wake ni kitu cha kuachwa pembeni kwanza. Basi ongezeko la opsheni ni 0.271 mara 1.1078. Fanya hesabu: 0.300.

Hiyo ndiyo delta yako, na umeiona inavyozaliwa kutoka kwenye nafasi. Niiandike kwa maneno: delta ya opsheni ya kununua ni nafasi ya kufanikiwa, mara wastani wa bei ya hisa pale unapofanikiwa, gawa kwa bei ya hisa ya leo. Kwako kizidishi hicho ni 1.11 tu, kwa hiyo nafasi na delta zinakaa jirani, 0.27 na 0.30. Anayesoma delta kama nafasi anakosea kwa kiasi cha kizidishi hicho.

Wanaoipenda kanuni wataona kitu hikihiki kimevaa nguo nyingine:

```
C  = S*N(d1) - K*N(d2)
d1 = ln(S/K)/(s*sqrt(T)) + s*sqrt(T)/2
d2 = d1 - s*sqrt(T)
```

`C` ni bei ya opsheni ya kununua, `S` bei ya hisa, `K` bei ya utekelezaji, `s` mtikisiko kwa mwaka, na `T` muda kwa miaka. `N` hugeuza namba kuwa uwezekano kwa mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele. `N(d2)` ni nafasi ya kulipa zile 105, kwa hiyo ndiyo nafasi ya kuisha na thamani. `N(d1)` inahesabu miisho ileile, ila kila mwisho umepimwa kwa ukubwa wa hisa ndani yake. Mwisho wa 130 una sauti kubwa kuliko mwisho wa 106. Kinachozitenganisha ni `s*sqrt(T)`, mtikisiko mara kipeuo cha pili cha muda. Kwako ni 0.086, kidogo sana. Kwa ile ya miaka miwili ni 0.85, karibu mara kumi.

Kabla ya kwenda huko, neno moja kuhusu zile senti 30. Nazo si za kushika kama kiapo. Hisa ikiruka kutoka 100 hadi 101 kwa mara moja, opsheni yako inatoka 1.57 hadi 1.89, yaani senti 32. Zile mbili za ziada ni miisho ya mpakani tuliyoiweka pembeni. Delta nayo sasa imekuwa 0.34. Delta ni mteremko wa mahali ulipo, na ukisogea mteremko unabadilika. Mabadiliko hayo ndiyo wanayoyaita gama. Vilevile tumeshikilia muda na mtikisiko visisogee. Ukiona hisa imepanda dola 1 baada ya siku nne za kusuasua na opsheni haikupanda hata senti, delta haikukudanganya. Siku nne zimelika, na mtikisiko umepungua pia.

Sasa opsheni ya miaka miwili. Uzito wa miisho iliyo juu ya 105 ni 0.315. Lakini wastani wa hisa ndani ya miisho hiyo si 110 tena, ni 204. Hisa inayotikisika kwa asilimia 60 kwa miaka miwili ikifanikiwa, mara nyingi inafanikiwa kwa kishindo. Kizidishi ni 2.04, na 0.315 mara 2.04 ni 0.64. Delta yako kubwa imetoka huko, katika ukubwa wa ushindi. Wingi wa ushindi ni uleule wa theluthi.

Watu wengi hapa huniuliza: inawezekanaje hisa ya 100 yenye wastani wa kubaki 100 iwe na nafasi theluthi moja tu ya kupita 105? Si ingekuwa karibu nusu? Jibu liko kwenye umbo la miisho. Bei ya hisa haiwezi kushuka chini ya sifuri, lakini juu haina dari. Miisho michache ya 300 na 400 inavuta wastani juu sana, kwa hiyo ili wastani ubaki 100 lazima miisho mingine mingi iwe chini. Kwa hisa hii ya pili, mwisho wa katikati, ule ambao nusu ya miisho iko chini yake na nusu juu, ni kama 70. Yaani katika hesabu ya soko ni sawa kwa sawa kwamba baada ya miaka miwili hisa itakuwa imepoteza asilimia 30 au zaidi. Kwa opsheni yako ya siku 30 mwisho wa katikati ni 99.6, kwa hiyo huoni kitu.

Kuna jambo linatokana moja kwa moja na hili ambalo limeumiza watu wengi zaidi, mimi nikiwa mmoja wao zamani. Kwa opsheni ya kuuza, kosa linageuka upande. Opsheni ya kuuza inafanikiwa hisa ikiwa chini, kwa hiyo wastani wa hisa pale inapofanikiwa ni mdogo kuliko bei ya leo, na kizidishi kinashuka chini ya 1. Delta, ukiondoa alama yake ya kutoa, inakuwa ndogo kuliko nafasi. Chukua opsheni ya kuuza kwa 95 ya hisa yako ya kwanza, siku 30: delta ni -0.26, nafasi ni asilimia 29. Si tofauti ya kutisha. Sasa chukua opsheni ya kuuza kwa 95 ya ile hisa ya pili, miaka miwili: delta ni -0.31, nafasi ni asilimia 64. Ikiisha na thamani, hisa huwa imefika wastani wa 49.

Mtu aliyezoea kuwauzia wengine opsheni za kuuza kwa kufuata delta, akijisemea kwamba delta ya 0.31 ni nafasi ya asilimia 31 ya kutumbukia, akihamia kwenye opsheni ndefu za hisa inayotikisika sana amejiweka mahali ambapo kutumbukia ndiyo kawaida. Mimi nilianza na za mwezi mmoja, nikafaulu, nikaona za mwaka mzima zinalipa vizuri kwa delta ileile. Nilipokuja kuelewa kwa nini zinalipa vizuri, ada ya somo nilikuwa nimeshailipa. Kwa hiyo kumbuka upande: delta ya opsheni ya kununua inaipamba nafasi, ya opsheni ya kuuza inaificha.

Bahati nzuri huhitaji kujenga kanuni yote ili kujisahihisha. Unachohitaji kiko kwenye skrini: delta, mtikisiko unaotoka kwenye bei ya opsheni, na siku zilizobaki. Tafsiri delta irudi kuwa `d1`, toa `s*sqrt(T)`, kisha itafsiri tena iwe nafasi. Kwenye jedwali la kompyuta, kwa opsheni yako:

```
=NORM.S.DIST(NORM.S.INV(0.30)-0.30*SQRT(30/365),TRUE)
```

Hiyo 0.30 ya kwanza ni delta, ya pili ni mtikisiko. Zimelingana kwa bahati tu, usizichanganye. Jibu ni 0.271. Weka 0.64, kisha 0.60 na miaka 2, utapata kama 0.31. Kwa opsheni ya kuuza, ongeza 1 kwenye delta kwanza, ile -0.26 iwe 0.74, fanya hesabu hiyohiyo, halafu toa jibu kutoka 1. Hisa ikiwa na gawio kubwa njia hii inapinda kidogo, kwa sababu delta ya kwenye skrini huwa imepunguzwa kwa ajili ya gawio.

Kuna njia ya pili ninayoipenda zaidi kwa sababu haiegemei kanuni ya mtu yeyote. Tazama bei za opsheni mbili za kununua zilizoizunguka ile yako, ya 104 na ya 106, za tarehe ileile. Ukinunua ya 104 na kuuza ya 106, hisa ikiisha juu ya 106 unapata 2 kamili, ikiisha chini ya 104 hupati kitu. Hiyo karibu ni dau safi la kupita 105, kwa hiyo gharama yake gawa kwa 2 ndiyo nafasi. Kwa namba zetu ya 104 ni 1.86 na ya 106 ni 1.31. Tofauti ni 0.55, nusu yake ni 0.275. Umeona imeangukia kwenye 0.27, haikwenda kwenye 0.30. Tumia bei ya katikati kati ya ya kununulia na ya kuuzia, na usifanye hivi kwa opsheni ambazo pengo la bei hizo mbili ni pana, kwani senti tano tu za upotovu zinasogeza jibu kwa asilimia mbili na nusu.

Njia hii inashika pia kitu ambacho kanuni inakikosa. Kwa hisa nyingi, mtikisiko unaotoka kwenye bei haulingani katika kila bei ya utekelezaji. Zilizo chini hubeba mtikisiko mkubwa kuliko zilizo juu, kwa kuwa watu hulipa zaidi kujikinga na anguko. Mteremko huo unaingia kwenye nafasi, na `N(d2)` iliyopigwa kwa mtikisiko wa bei moja tu haiuoni. Bei mbili jirani zinauona. Majibu yakipishana kwa asilimia mbili tatu, ziamini bei.

Hata hivyo nafasi yoyote tuliyoipata hapa, kwa njia yoyote, ni nafasi iliyo ndani ya bei. Haijui unachokijua kuhusu kampuni. Kwa opsheni fupi kama yako, imani yako kuhusu mwelekeo haina nguvu kubwa sana. Ukiamini hisa hupanda kwa asilimia 8 kwa mwaka, mwezi mmoja wa imani hiyo unaitoa nafasi kwenye 27 na kuifikisha kama 30. Kinachoitikisa ni mtikisiko wenyewe. Kama hisa itakuja kutembea kwa asilimia 20 kwa mwaka badala ya 30 ambayo soko limelipisha, nafasi inaanguka hadi kama asilimia 19. Hapo ndipo pa kubishana na soko kama una sababu.

Na usichanganye kuisha juu ya 105 na kuigusa 105. Nafasi kwamba hisa itaigusa 105 siku yoyote ndani ya hizo 30 ni kama asilimia 56, karibu mara mbili ya ile ya kuishia juu yake. Inaeleweka ukitafakari: hisa ikishagusa 105, kutoka hapo ina takriban nusu ya kuishia juu na nusu ya kurudi chini, kwa hiyo wanaogusa ni karibu mara mbili ya wanaobaki. Aliyekuuzia opsheni hiyo atapitia hofu mara nyingi kuliko atakavyopata hasara, na wewe utaona faida kwenye skrini mara nyingi kuliko utakavyoishika mwishoni.

Limebaki swali lako la pili, na nadhani uliliuliza kwa neno ambalo si lile unalolitaka. Kuisha na thamani si kupata faida. Umelipa 1.57, kwa hiyo hisa lazima iishe juu ya 106.57 ndipo fedha yako irudi. Nafasi ya hilo ni asilimia 21.7. Ile ya miaka miwili kwa mtikisiko wa asilimia 60 ina bei ya kama 31.24, na kurudisha fedha kunataka hisa ifike juu ya 136.24. Nafasi yake ni asilimia 21.5.